Je, unaweza kuhesabu majibu ya mlinganyo usioujua wote?

"Nimepewa (k − 2)x² + 2kx + (k + 3) = 0, naulizwa ni kwa k zipi una majibu mawili. Nitajuaje idadi ya majibu wakati hiyo k yenyewe siijui?"

Kwa sababu idadi inaamuliwa na kitu kimoja tu kilichomo ndani ya kanuni unayoitumia kila siku. Kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili inakutaka uchukue −b, ujumlishe au utoe kipeuo cha pili cha b² − 4ac, kisha ugawe kwa 2a. Majibu mawili yanatokana na hiyo "ujumlishe au utoe". Kilicho chini ya alama ya kipeuo kikiwa chanya, unapata namba mbili tofauti. Kikiwa sifuri, kujumlisha na kutoa ni mamoja, majibu yote mawili yanaangukia namba moja. Kikiwa hasi, hakuna namba halisi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa hasi, basi majibu halisi hayapo. Ndiyo maana b² − 4ac inaitwa kibainishi. Tuiandike D.

Sasa tuiache k ikae kama herufi na tuhesabu D hivyo hivyo. Hapa a ni k − 2, b ni 2k, c ni k + 3:

D = (2k)² − 4(k − 2)(k + 3)
D = 4k² − 4(k² + k − 6)
D = 24 − 4k
D = 4(6 − k)

Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayowaponza wengi. Nikisahihisha madaftari nakuta (2k)² imeandikwa 2k², au ile 4 imezidishwa kwa k² peke yake na mabano yakasahaulika. Kwenye mlinganyo huu kosa ni rahisi kulinasa: k² lazima zifutane. Ikikubakia k² kwenye D, rudi ukague mabano.

Swali gumu sasa limekuwa dogo: 6 − k ni chanya lini? Ni pale k inapokuwa ndogo kuliko 6. Tujaribu. Kwa k = 5 tunapata 3x² + 10x + 8 = 0, D ni 4, na majibu ni −2 na −4/3. Kwa k = 6 tunapata 4x² + 12x + 9 = 0, ambayo ni (2x + 3)² = 0, jibu ni −3/2 tu. Kwa k = 7, D ni −4, na grafu yake inaelea juu ya mhimili wa x bila kuugusa.

D inakuambia pia aina ya majibu. Kwa k = 5 yametoka sehemu safi kwa sababu 4 ina kipeuo kamili. Kwa k = 3, D ni 12, kipeuo chake hakiishi, na majibu ni −3 + √3 na −3 − √3.

Je, tuandike k < 6 tufunge daftari? Hapana, na hapa ndipo alama inapopotelea. Weka k = 2. D inatoka 16, chanya kabisa, lakini mlinganyo wenyewe umekuwa 4x + 5 = 0. Ile x² imetoweka, na jibu ni moja tu, −5/4. D haikudanganya. Sisi ndio tuliiuliza habari za mlinganyo wa kipeo cha pili pasipo na kipeo cha pili, na ile kanuni ingetutaka tugawe kwa sifuri.

Jibu la pili limekwenda wapi? Isogelee 2 polepole uone. Kwa k = 2.01 majibu ni karibu −1.25 na −400.75. Kwa k = 1.99 ni karibu −1.25 na 399.25. Moja limetulia palepale, lingine linakimbilia mbali kabisa upande wa hasi, kisha k ikishapita 2 linaibukia mbali upande wa chanya. Kwenye 2 yenyewe halipo popote.

Kwa hiyo kabla sijaigusa D, mimi huandika pembeni a ≠ 0, yaani k ≠ 2. Majibu mawili tofauti yanapatikana k ikiwa chini ya 6, isipokuwa 2.