Nyuzi 39.2: homa kwa mtu, afya kwa mbuzi

Mtu mzima akipimwa akakutwa na nyuzi 39.2 za selsiasi, ana homa ya kumlaza kitandani. Mbwa mwenye nyuzi hizo hizo yuko kwenye ukingo wa juu wa kawaida yake, na mbuzi yuko katikati ya kawaida yake. Mtu huwa kati ya 36.5 na 37.5, na kuanzia 38 tunasema ana homa. Mbwa huwa kati ya 38.3 na 39.2. Mbuzi huanzia kama 38.5 hadi 39.7, na kitoto chake huzidi kidogo. Kwa hiyo usimshike mnyama sikio au tumbo ukasema "anachemka". Kiganja chako kina joto la chini kuliko mwili wake, hivyo hata mzima kabisa utamwona wa moto. Pua kavu ya mbwa nayo si ushahidi wa homa.

Kipimo cha kuaminika hupatikana kwenye njia ya haja kubwa. Tumia kipimajoto cha kidijitali ulichokitenga kwa wanyama tu. Kipake vaselini, mwambie mwenzako amshike mnyama, kisha inua mkia na uingize ncha taratibu, bila kulazimisha: sentimita 2 hivi kwa mbwa mdogo, karibu 5 kwa mbuzi mkubwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Njia ya mbuzi mara nyingi imejaa vidonge vya kinyesi, na ncha ikizama ndani ya kinyesi itasoma chini ya joto halisi. Kiinamishe kipimajoto kidogo ili ncha iguse ukuta wa utumbo, ukiachie hadi kilie. Kama namba haiendani na hali ya mnyama, toa, subiri kidogo, pima tena. Na usimpime aliyetoka kukimbizwa akikamatwa. Mpumzishe kivulini nusu saa kwanza.

Ukishapata namba, tazama saa. Joto la mbuzi hupanda na kushuka ndani ya siku moja: alfajiri liko chini, alasiri liko juu, na tofauti inaweza kukaribia nyuzi nzima. Chukua mbuzi aliyejitenga na wenzake, asiyekula vizuri. Saa 9 alasiri, jua kali, anasoma 40.1. Wengi hapo hukimbilia sindano. Mimi ningepima kwanza wawili wanaokula na kucheua vizuri katika kundi hilo hilo. Tuseme wanasoma 39.8 na 39.9. Basi ile 40.1 bado haisemi lolote. Ni jua la siku hiyo. Kesho yake saa 12 asubuhi, kabla ya jua, wale wawili wako 38.8 na 39.0, naye yuko 40.6. Hiyo ndiyo homa. Wenzake wamepoa usiku, yeye amepanda, maana ubongo wake umeweka kiwango kipya cha joto ili kupambana na maambukizi. Mtenge, angalia kikohozi, makamasi na kuhara, umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu huanza na homa kali namna hii, nazo zinaambukiza.

Kwa mbwa, ikizidi 39.5 akiwa ametulia, na nusu saa baadaye bado iko hapo, mpeleke kwa daktari. Ikifika 41 ni dharura. Usimpe ibuprofeni wala parasetamoli ya nyumbani kwako, maana zinaweza kumuua.

Namba inayonitia hofu zaidi ya zote ni ile inayoshuka. Mbuzi wako alikuwa 40.8 jana, leo ni 37.6, masikio baridi, amelala hataki kuinuka. Kwa macho ya mtu 37.6 ni joto zuri, na mwenye mbuzi hufurahi kwamba homa imekwisha. Kwa mbuzi ni mwili unaoshindwa: damu haizunguki ipasavyo. Aliyepona hurudi kwenye 39, akasimama, akacheua. Huyu mfunike, mlaze kifudifudi na kifua chini ili gesi ya tumboni itoke, na daktari aje sasa hivi.

Kuna kushuka kwingine ambako si ugonjwa. Mbwa jike mwenye mimba iliyotimia huteremka hadi karibu 37 siku moja kabla ya kuzaa. Ukimpima asubuhi na jioni katika wiki ya mwisho utaiona siku hiyo. Saa 24 zikipita baada ya kushuka na hakuna mtoto aliyetoka wala dalili ya uchungu, mwite daktari.