Sifuri mbili zisizofanana

Data yangu ya kuhesabu imejaa sifuri. Nikisharekebisha mtawanyiko uliozidi, kwa nini bado nihitaji modeli ya sifuri za ziada?

Kwa sababu marekebisho hayo yanakuambia hesabu zimetawanyika kiasi gani, lakini hayakuambii sifuri zimetoka wapi. Tuchukue mfano wa kubuni. Umezunguka madimbwi 200 ukihesabu vyura. Madimbwi 80 hukauka kila msimu, kwa hiyo hayana chura kamwe. Yale 120 yaliyobaki yanakalika, na kila moja lina wastani wa vyura 3 kwa ziara, kwa mgawanyo wa Poisson. Hata humo, utakosa kuona chura katika madimbwi kama 6, kwa bahati tu. Ukijumlisha, daftari lako lina sifuri 86: 80 za lazima na 6 za bahati. Kwa macho hazitofautiani.

Sasa sahau kwamba unajua habari ya kukauka, ubaki na daftari peke yake. Wastani wa madimbwi yote ni 1.8 na varianti ni takriban 3.96. Poisson hutaka viwili hivyo vilingane, na kwa wastani wa 1.8 ingetarajia sifuri 33 hivi. Imeshindwa waziwazi.

Dawa ya kwanza ya mtawanyiko ni kwazi-Poisson. Inagawanya 3.96 kwa 1.8, inapata 2.2, kisha inapanua makosa sanifu kwa kipeuo cha pili cha 2.2, yaani karibu mara 1.5. Makadirio yenyewe hayasogei: wastani unabaki 1.8, ingawa hakuna aina ya dimbwi yenye wastani huo. Lipo la 3 na lipo la 0. Tena, njia hii haina mgawanyo kamili nyuma yake, kwa hiyo huwezi hata kuiuliza inatarajia sifuri ngapi.

Binomia hasi inakwenda mbali zaidi, maana inaruhusu kila dimbwi liwe na wastani wake, mkubwa au mdogo. Ukiipa wastani na varianti zilezile, inatarajia sifuri 61. Unaweza kuikaza mpaka ifikishe 86, lakini hapo varianti yake inapanda hadi 7 hivi, na inatarajia madimbwi 40 yenye chura mmoja. Daftari lako lina 18 tu. Hapa ndipo ningetazama kwanza kabla ya kipimo chochote: hesabu zako zina rundo kwenye sifuri, bonde kwenye moja, kisha kilima kwenye mbili na tatu. Binomia hasi yenye sifuri nyingi kiasi hicho huteremka tu kutoka sifuri, haina namna ya kuchora bonde hilo.

Modeli ya sifuri za ziada inachora maumbo yote mawili kwa sababu ina sehemu mbili. Moja inakadiria uwezekano wa sifuri ya lazima (hapa 0.4), nyingine inakadiria hesabu kwa madimbwi yanayoweza kuwa na vyura (hapa 3). Diane Lambert aliieleza kwa umbo la rigresheni mwaka 1992, akitumia data za kasoro za kulehemu kiwandani: mtambo ukiwa sawasawa kasoro karibu hazitokei, ukiteleza zinatokea kwa Poisson.

Lakini wingi wa sifuri peke yake si ushahidi. Binomia hasi yenye wastani wa 1 na kigezo cha mtawanyiko `theta` cha 0.1 hutoa sifuri karibu asilimia 79, bila sifuri hata moja ya lazima. Kwa hiyo linganisha sifuri ulizonazo na zile ambazo modeli inatarajia, baada ya kuingiza vigezo elezi vyote. Kisha jiulize kama kweli lipo kundi ambalo hesabu yake haiwezi kamwe kuzidi sifuri. Kama huwezi kulitaja kundi hilo kwa jina, mimi ningebaki na binomia hasi. Na kama hata kwenye madimbwi yanayokalika hesabu zimetawanyika kupita Poisson, dawa zote mbili huungana: binomia hasi yenye sifuri za ziada.

Katika R, kwa kifurushi cha `pscl`, modeli ya aina hii huandikwa hivi, tuseme `majani` ni wingi wa majani na `kukauka` ni kiasi dimbwi linavyoelekea kukauka:

```r
zeroinfl(vyura ~ majani | kukauka, data = d, dist = "poisson")
```

Kushoto kwa mstari wima ni hesabu, kulia ni sifuri ya lazima. Soma alama za kulia kwa uangalifu, maana wengi hujikwaa hapo: kigawo chanya cha `kukauka` kinamaanisha uwezekano mkubwa zaidi wa dimbwi kuwa tupu daima, si vyura wengi zaidi.