Simu imezima msituni: kujua ulipo kwa hatua na dira

Miombo ya upande wa Tabora haina mlima wa kutazamia. Ardhi imenyooka, miti inafanana, na ukishaingia mita mia tatu kutoka barabarani huioni tena. Simu ikizima humo, ramani yake na dira yake vimekwenda pamoja. Kinachobaki ni dira ya kawaida ya sindano, daftari na miguu yako. Vinatosha kukurudisha, ila hesabu utakayopata haikupi nukta. Inakupa duara, na safari ya kurudi lazima ipangwe kwa kulijali duara hilo.

Tuanze na hatua. Nahesabu mguu wa kushoto tu, kwa sababu kuhesabu kila mguu kunachosha na namba zinakuwa kubwa upesi. Pima mita 100 kwa tepu, beba mzigo ule ule utakaokwenda nao, vaa viatu vile vile, tembea mara nne kisha uchukue wastani. Watu wazima wengi huangukia kati ya 60 na 70. Usipimie uwanja wa mpira ukidhani goli mpaka goli ni mita mia. Viwanja vinatofautiana mno. Mtu wa mfano wetu ana 65. Kila anapofika 65 anahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto na kuanza moja upya. Kokoto ni muhimu kuliko unavyodhani: ukisimamishwa na mwenzako akikuuliza jambo, kichwa hupoteza namba, mfuko haupotezi.

Kila unapogeuka, andika kipande kilichokwisha: uelekeo kwa digrii na idadi ya mguu wa kushoto. Kianzio ni mahali pa mwisho unapopajua kwa hakika. Kama simu ilizima bila kuanza kuhesabu, kumbuka muda uliotembea tangu hapo ukadirie mita, lakini ongeza ukubwa wa duara, maana mwendo wa kukumbuka huwa wa kubahatisha.

Sasa mfano. Gari limeachwa kwenye barabara ya vumbi inayokwenda mashariki na magharibi, na watu wameingia porini upande wa kaskazini. Daftari linasema: digrii 40, kushoto 780, digrii 110, kushoto 520, digrii 350, kushoto 260. Gawanya kwa 65 na unapata mita 1200, 800 na 400.

Chora kwenye karatasi ya mraba, sentimita 1 kwa mita 200, na mistari ya wima iwe kaskazini. Huhitaji kipimapembe, dira yenye bamba la plastiki inafanya kazi hiyo. Zungusha duara la namba hadi 40, weka ukingo wa bamba kwenye nukta ya gari, kisha geuza dira nzima mpaka mistari iliyo ndani ya duara iwe sambamba na mistari ya wima ya karatasi, mshale wake ukielekea juu. Sindano usiitazame kabisa hapa. Chora sentimita 6. Kutoka mwisho wake chora 4 kwa digrii 110, halafu 2 kwa digrii 350. Unganisha mwisho wa mchoro na gari: rula inasoma karibu sentimita 8.9, yaani mita 1780 hivi, na gari liko digrii 234 kutoka ulipo. Ile tofauti kati ya kaskazini ya sindano na kaskazini ya ramani haikusumbui hapa, kwa kuwa umekwenda na utarudi kwa dira ile ile. Itakuhusu tu ukihamisha mchoro kwenye ramani ya karatasi.

Namba hizo zinaonekana safi, na hapo ndipo wengi hupotea. Kwenye nyasi ndefu hatua hufupika. Kama kipande cha kwanza kilihitaji 72 kwa kila mita 100 badala ya 65, basi zile 780 ni mita 1083, si 1200. Kwa upande wa dira, kosa la digrii 1 linakusogeza mita 17 pembeni kwa kila kilomita, na kosa la digrii 5 ni la kawaida kabisa ukikwepa kila mti kwa upande mmoja. Dawa ni kuchagua mti ulio mbele kwenye uelekeo wako, uufikie, ndipo usome tena; vizuizi vidogo vikwepe kulia, kisha kushoto. Ukikuta mbuga yenye maji, geuka digrii 90, hesabu hatua za pembeni, pita sambamba na uelekeo wako hadi umalize maji, halafu rudi pembeni kwa hatua zile zile. Zinazoingia kwenye hesabu ni za mbele tu.

Na dira yenyewe ina vituko vyake. Panga kiunoni, redio, au kava la simu lenye sumaku huvuta sindano hata kama simu imekufa. Dira iliyotengenezwa kwa matumizi ya Ulaya ina tatizo jingine huku kwetu: ncha ya kusini ya sindano huinama na kukwaruza kibweta, ikakwama popote ilipo. Utaijua kwa kuigeuza kidogo: sindano iliyo huru huyumba na kurudi pale pale, iliyokwama hufuata kibweta. Inamisha dira taratibu mpaka iachie.

Kwa mwendo wa mita 2400 wa namna hii, mimi huchora duara lenye nusu kipenyo cha asilimia 10, yaani mita 240. Ukifuata digrii 234 moja kwa moja utagonga barabara karibu na gari, lakini hutalijua liko kulia au kushoto, na kona moja inatosha kulificha. Kwa hiyo kosea kwa makusudi. Punguza digrii 10, fuata 224. Sasa unategemea kuikuta barabara mita 450 hivi mashariki ya gari, umbali mkubwa kuliko duara lako, na ukiikuta unageuka kulia bila kujiuliza.

Kwa uelekeo huo barabara iko kama mita 1440 mbele, hatua za kushoto 940 hivi. Kabla ya kuanza, hakiki kwa jua: kiangazi, saa kumi alasiri, linapaswa kukupiga shavu la kulia. Likiwa kisogoni upande wa kushoto, unafuata ncha isiyo yenyewe ya sindano. Andika pia kikomo. Ukichukua ukingo wa mbali wa duara, barabara haiwezi kuwa mbele sana ya mita 1800, hatua 1170. Zikifika na hakuna barabara, simama hapo hapo na upitie daftari kipande kwa kipande. Mara nyingi utakuta kokoto moja iliyosahaulika, yaani mita 100, au uelekeo ulioandikwa 110 wakati ulitembea 101.