Msuli Ukikubana Mbioni, Usiisingizie Magnesiamu

Kila msimu wa marathoni unapokaribia, wateja huingia kwenye chumba changu cha fiziotherapia wakiwa na jibu mkononi: "Misuli inanibana, kwa hiyo sina magnesiamu. Nimeze kimoja au viwili?" Wameambiwa na kocha wa jogging, na muuza duka la dawa, na shemeji. Nimechoka kulijibu swali hilo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika.

Dhana: Kubanwa na msuli ukiwa mazoezini ni dalili ya upungufu wa magnesiamu

Fikiri kidogo. Damu inayopita kwenye shavu la mguu wa kushoto ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye mguu wa kulia, mikononi na mgongoni. Kama madini yamepungua, kwa nini ubanwe msuli mmoja tu, tena ule ule uliofanya kazi kuliko yote? Na kwa nini ukikaa chini, ukanyoosha goti na kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwako, msuli unaachia baada ya muda mfupi? Kuvuta vidole hakujaongeza magnesiamu hata chembe.

Watafiti wa Afrika Kusini walipima damu ya wakimbiaji wa Two Oceans, mbio za kilomita 56 za Cape Town, na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Waliobanwa na misuli hawakuwa na magnesiamu pungufu. Walikuwa nayo juu kidogo kuliko wenzao, ingawa tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno kuwa na maana yoyote kitabibu. Baadaye walipowafuatilia wanamichezo wa Ironman, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, waliobanwa ni wale waliokwenda kwa kasi zaidi na wale waliowahi kubanwa huko nyuma. Madini ya damu hayakuwatofautisha.

Maelezo yanayokubalika zaidi sasa yako kwenye neva. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyouamuru ukaze, na kwenye kano kuna vingine vinavyouambia ulegee. Msuli ukichoka kupita ulivyozoeshwa, amri za kukaza huzidi na zile za kulegeza hufifia, hasa msuli ukiwa umejikunja. Kuunyoosha kunaivuta kano, vipokezi vyake vinaamka, na neva inatulia.

Nina mteja mmoja, mhasibu wa miaka 38, mfano mzuri wa jambo hili. Alifanya mazoezi yake yote Dar es Salaam, Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, kwa mwendo wa dakika 6 na sekunde 15 kwa kilomita. Kisha akaenda Moshi kukimbia kilomita 21. Njia ile inapanda kuelekea Mweka, halafu inateremka. Yeye alianza kwa dakika 5 na sekunde 30 kwa sababu umati ulimbeba. Kilomita ya 17, kwenye mteremko, shavu la mguu likafunga kama jiwe. Aliporudi alikuwa ameshanunua makopo mawili ya magnesiamu, na tumbo lilikuwa linaendesha.

Vidonge niliviweka pembeni. Tulianza na kupanda na kushuka kwa visigino ukingoni mwa ngazi, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu misuli miwili ya shavu la mguu hufanya kazi tofauti katika mikao hiyo. Mara moja kwa wiki alikwenda kwenye vilima vya Pugu, na nilimsisitizia kuteremka kwa kukimbia, kwa sababu wengi wakifika kileleni hushuka wakitembea. Katika mbio ndefu za Jumamosi, sehemu ya mwisho aliikimbia kwa mwendo wa siku ya mashindano ili msuli ujue uchovu wa aina hiyo. Mwaka uliofuata alianza taratibu, akamaliza bila kubanwa. Mtu mmoja si utafiti, najua, lakini hakumeza kidonge hata kimoja.

Dhana: "Mimi nimemeza, na imenisaidia"

Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya Israeli iliyofanywa kwa watu 94 waliokuwa wakibanwa na miguu usiku. Nusu walipewa magnesiamu, nusu vidonge bandia visivyo na dawa yoyote. Makundi yote mawili yalishuka kutoka takriban mibano minane kwa wiki hadi mitano. Yaani watu hupata nafuu wenyewe, kisha kidonge kinachukua sifa. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalihitimisha kwamba kwa wazee magnesiamu haielekei kuleta kinga ya maana, na kwa mibano ya mazoezini hayakupata jaribio la kuaminika hata moja. Watu wananunua kitu ambacho hakijapimwa kwa tatizo lao.

Dhana: Anayetoka jasho sana hapati ya kutosha kwenye chakula

Lita moja ya jasho hubeba miligramu chache tu za magnesiamu, huku sodiamu ikikaribia gramu moja. Ukitaka kuhangaikia jasho, hangaikia maji na chumvi.

Mwanamume anahitaji miligramu 400 hadi 420 kwa siku, mwanamke 310 hadi 320. Sasa tupige hesabu ya sahani. Ugali wa gramu 150 za unga wa dona una takriban 140, kikombe cha maharage yaliyoiva 75, kikombe cha mchicha uliopikwa 70, na kiganja cha karanga 50. Hapo ni 335 kabla ya ndizi, ulezi wa asubuhi au korosho. Badilisha dona kwa sembe uone: zile 140 zinashuka hadi 45 hivi, kwa sababu madini mengi yapo kwenye kiini na pumba vilivyoondolewa kinuni. Kama una mteja wa mazoezi mezani kwako, mpe dona. Huu ni ushauri wangu wa kila siku na sitauacha.

Kidonge nacho kisomwe vizuri. Miligramu 500 za magnesiamu oksaidi zina kama 300 tu za magnesiamu yenyewe, na mwili hufyonza sehemu ndogo ya hizo. Inayobaki huvuta maji tumboni, ndiyo maana unaendesha. Magnesiamu sitreti hufyonzwa vizuri zaidi, lakini nayo ikizidi hufanya vilevile. Kwa Wamarekani, kikomo cha magnesiamu kutoka kwenye vidonge ni miligramu 350 kwa siku kwa mtu mzima. Ya kwenye chakula haina kikomo hicho.

Dhana: Ni madini tu, hayana madhara

Mwenye figo dhaifu asiyaguse bila daktari, kwani figo ndizo zinazotoa ziada. Na usimeze magnesiamu pamoja na antibiotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini, inazifunga zisifyonzwe.

Upungufu wa kweli upo, sikatai. Huwapata waliotumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa muda mrefu, wanaomeza dawa za kukojoza, wenye kuharisha kusikokoma, wenye kisukari kisichodhibitiwa na wanywaji wakubwa wa pombe. Hao ninawapeleka kwa daktari wapimwe, ingawa kipimo cha damu pekee hakisemi yote: chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyo kwenye damu.

Ukibanwa na misuli mingi kwa pamoja, ukabanwa ukiwa umepumzika mchana, au mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usije kwangu wala usipite duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.