"Naomba mnionee huruma": barua inayokiri deni usilodaiwa

Mzee mmoja aliniletea nakala ya barua aliyoandika mwenyewe baada ya kupokea hati ya madai ya kodi. Mwandiko mzuri, heshima tele, kurasa mbili. Ametumikia miaka mingi, ana shinikizo la damu, pensheni haikidhi, na kwa unyenyekevu mkubwa anaiomba mamlaka imsamehe deni hilo. Jibu lilimrudia kwa mistari minne: ombi la msamaha limekataliwa, alipe.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "si nimewaambia mapato yangu hayafiki kiwango cha kutozwa kodi?"

Nikaisoma tena. Hakuwaambia. Katika kurasa mbili hakuna tarakimu hata moja.

Dhana: Ukieleza kuwa wewe ni mstaafu wa kipato kidogo, dai litafutwa

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana nayaona madhara yake kila mwezi. Kusamehewa na kufutiwa ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi hata meza zinazoyashughulikia ni tofauti. Anayeomba msamaha anasema: nadaiwa, ila sina uwezo. Anayeomba dai lifutwe anasema: sidaiwi, hesabu yenu ina kosa, na kosa lenyewe ni hili. Ukipeleka barua ya kwanza ilhali haki yako iko kwenye ya pili, umelikiri deni kwa mkono wako, kisha unamwachia ofisa apime huruma badala ya kupima hesabu.

Kitu kingine ambacho wazee wangu hawapendi kukisikia: mamlaka haikukosea kwa kutojua kuwa umestaafu. Inajua. Dai limetoka kwa sababu kwenye mfumo wao mapato yako *yamevuka* kiwango. Kuandika "mapato yangu yako chini" bila kuonyesha tarakimu yao imetoka wapi ni kubishana na kikokotoo. Kazi ya barua ni kutafuta mahali pale ambapo hesabu yao na yako zilipoachana njia.

Tuchukue madai ya mzee huyu. Namba nimezilainisha ili zifuatike kirahisi. Kiwango kisichotozwa kodi kwa mwaka kilikuwa 240,000. Pensheni yake ni 18,000 kwa mwezi, yaani 216,000 kwa mwaka, na hana kingine. Hati ya madai ilionyesha mapato ya 324,000. Ziada ya 84,000 ikatozwa asilimia 10, ikawa kodi ya 8,400. Juu yake riba ya 840, na adhabu ya 1,500 kwa kutowasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka. Jumla 10,740.

Swali la kwanza nililomuuliza halikuhusu afya yake. Toa 216,000 kwenye 324,000: inabaki 108,000. Gawa kwa 18,000: unapata 6 kamili. Mzee, nini kilitokea kwenye miezi sita? Akafikiri kidogo, akakumbuka kuwa katikati ya mwaka ule malipo ya pensheni yalihamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kwisha habari. Mfuko wa zamani ulipeleka taarifa ya mwaka mzima, mfuko mpya ukapeleka ya miezi yake sita, na mfumo ukajumlisha zote mbili. Pensheni ya miezi sita imehesabiwa mara mbili.

Tofauti haitoki wazi namna hii kila mara. Wakati mwingine ni malimbikizo ya miaka iliyopita yaliyolipwa kwa mkupuo. Wakati mwingine ni makadirio tu: ritani haikuwasilishwa, ofisa akabuni tarakimu. Kama huoni tarakimu yao imejengwaje, omba mchanganuo kwanza, kwa maandishi, na usisubiri mchanganuo huo ndipo uanze kuhesabu siku za pingamizi.

Barua tuliyoandika upya ilikuwa na nusu ukurasa. Juu, namba ya mlipakodi, namba ya hati ya madai, tarehe yake na mwaka wa mapato unaohusika. Kisha:

"Napinga makadirio yaliyotajwa hapo juu. Mapato yangu yote kwa mwaka huo yalikuwa 216,000, ambayo ni chini ya kiwango cha 240,000. Kiasi cha 324,000 kimetokana na pensheni ya miezi sita, 108,000, kuhesabiwa mara mbili baada ya malipo yangu kuhamishwa. Naomba makadirio yarekebishwe, na kodi ya 8,400 pamoja na riba ya 840 vifutwe. Naomba pia ukusanyaji wa kiasi hicho usimamishwe hadi pingamizi hili litakapoamuliwa."

Viambatisho vilikuwa viwili: taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili, kila ingizo la 18,000 likiwa limepigiwa mstari, na barua ya mfuko wa zamani ikitaja mwezi wa malipo ya mwisho. Hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Benki inaonyesha kilichoingia kwenye akaunti ile moja. Haionyeshi kwamba huna akaunti nyingine. Na mwombe mfuko huohuo urekebishe taarifa uliyoipeleka kwa mamlaka, la sivyo kosa litaendelea kukaa kwenye mfumo.

Kulikuwa na tatizo. Barua yake ya huruma ilifika ndani ya muda, lakini haikuwa pingamizi, kwa hiyo saa haikusimama. Yetu ilichelewa siku kumi na moja, ikabidi tutangulize ombi la kuongezewa muda, tukiambatisha karatasi za hospitali alikolazwa. Hapo ugonjwa una kazi: unaeleza kuchelewa. Haufuti kodi.

Dhana: Dai la makosa ni batili, waweza kulipuuza

Hapana. Muda wa pingamizi ukipita, kosa lao linageuka deni lako halali, na benki au mlipa pensheni anaweza kuagizwa akate. Muda wenyewe umeandikwa kwenye hati. Kama hujui unahesabiwa kuanzia tarehe ya barua au siku uliyoipokea, chukua ile ya mapema. Na bahasha usiitupe.

Dhana: Nilipiga simu, wakaniambia watashughulikia

Nani? Lini? Peleka barua masjala, nakala yako igongwe mhuri wenye tarehe. Ukituma kwa mtandao, hifadhi namba ya kumbukumbu. Mimi husisitiza vyote viwili, na wateja hunicheka.

Dhana: Nilipe kidogo kwanza ili watulie

Ukilipa bila maelezo, mfumo unakuona mtu anayelipa deni lake kwa awamu. Zipo sheria zinazotaka sehemu ya kodi ilipwe kabla pingamizi halijapokelewa. Kama yako ni hivyo, lipa kiasi hichohicho na uandike kwenye barua kuwa umelipa huku ukipinga.

Dhana: Aliye chini ya kiwango hahitaji ritani

Kutozwa kodi ni swali moja, kuwasilisha ritani ni jingine. Kuna sheria zinazomwachilia mstaafu wa pensheni tupu, na kuna zinazomtaka kila aliyesajiliwa awasilishe hata kama kodi ni sifuri. Mzee wetu alikuwa kundi la pili. Muda aliongezewa, na baada ya wiki kadhaa makadirio yakarekebishwa: kodi sifuri, riba sifuri, adhabu ya ritani 1,500 palepale. Kuwa chini ya kiwango hakuigusi.

Kwa hiyo hiyo 1,500 anadaiwa kweli, na njia iliyobaki ni kuomba asamehewe. Nikaitoa kwenye faili ile barua yake ya kurasa mbili, nikakata ukurasa wa pili, nikabadilisha kiasi, nikampa asaini.