Leo na siku ile: maswali ya ndugu wa mahabusu kuhusu kupimwa akili

"Kupimwa akili kwa ajili ya mahakama si ni kitu kimoja? Mbona mnasema viwili?"

Ni viwili, na vinahusu siku mbili tofauti. Cha kwanza ni leo: huyu mtu akisimamishwa kizimbani sasa hivi anaelewa kinachoendelea, anaweza kujitetea? Cha pili ni siku ile ya tukio: alipokuwa anafanya alichofanya, ugonjwa wa akili ulikuwa umemshika kiasi gani? Mtu anaweza kuwa mzima leo na siku ile alikuwa hoi. Anaweza pia kuwa alikuwa timamu kabisa siku ile af akaugulia rumande. Majibu ni mawili, usiyachanganye.

"Ndugu yetu ameshatulia, anaongea vizuri, anasali. Si ina maana hakuna haja tena ya kupimwa?"

Hapana. Hili naulizwa karibu kila wiki na kila mara najibu hapana.

Ametulia kwasababu kapewa dawa, au kwasababu muda umepita. Utulivu wa leo unaonyesha anaweza kusimama kizimbani, basi, hauonyeshi chochote kuhusu siku ile. Na ubaya wake ni huu, nyie mnakaa kimya miezi nane mkisubiri "atulie kwanza", mnampeleka kwa mganga, mnaficha kadi ya kliniki kwa aibu, huku watu walioona hali yake siku ile wanahama, wanasahau, wanaanza kuchanganya na stori za mtaani. Mpaka afike kwetu hospitali kuchunguzwa tunapewa kijana msafi aliyenyoa nywele anayesema "sikumbuki". Tutaandika nini?

Kwa hiyo semeni mapema. Mwambieni askari siku ya kwanza kwamba ana ugonjwa, mwambieni hakimu siku ya kwanza, na kama kuna wakili mwambieni kabla ya salamu. Mahakama ikishajua ndo inaweza kuagiza apelekwe kuchunguzwa. Kwa Tanzania anapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili, na wengi wanaijua Isanga kule Dodoma, upande wa Mirembe unaopokea wagonjwa wenye kesi, na sheria inampa mganga mkuu wa hospitali siku 42 tangu mtu aingie kuandika ripoti ya hali yake siku ya tukio. Siku 42 ni nyingi kumwangalia mtu alivyo leo. Kumtafuta mtu wa mwaka jana ni chache sana.

"Mnajuaje kama anaweza kusimama kizimbani? Mnampa mtihani?"

Kwa kiasi kikubwa tunaongea naye. Mimi mtaalamu wa saikolojia nakaa naye mara kadhaa, sio mara moja, kwasababu mgonjwa wa asubuhi sio wa jioni. Namuuliza ameshtakiwa kwa nini, yeye mwenyewe anieleze kwa maneno yake. Hakimu kazi yake nini? Yule wakili wa serikali yuko upande wa nani? Ukikubali kosa kinatokea nini? Shahidi akisema uongo utafanyaje?

Asiyejua haya hajawa mgonjwa bado. Wazima wengi tu hawajui wakili wa serikali ni nani. Kwa hiyo namfundisha, dakika kumi, af kesho yake namuuliza tena. Mtu ambaye hajasoma atanijibu vizuri kesho. Mwenye ugonjwa uliokolea atanijibu "hakimu ni yule aliyeniwekea redio kichwani", na hapo shida haiko kwenye elimu, maana hawezi kumpa wakili wake maelezo yoyote yanayoeleweka wala kuamini kwamba wakili ni wa kwake.

Kuna vipimo vya maandishi vilivyotungwa Marekani na Uingereza kwa kazi hii, lakini vimejengwa juu ya mahakama zao na lugha yao, mfano wana baraza la raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, na mambo ya kujadiliana na wakili wa serikali ukiri kosa upunguziwe, ambayo mkulima wa Kondoa hajawahi kuyasikia. Ukimtafsiria ukahesabu alama utamwita mgonjwa mtu mzima. Mimi navitumia kama ukumbusho wa nini cha kuuliza, alama zake siziandiki.

Akionekana hawezi, kesi haifutwi. Inaahirishwa, anatibiwa, akipata nafuu inaendelea. Haifutwi! Narudia maana kuna mzazi aliwahi kusherehekea kabisa.

"Na siku ile mnaijuaje wakati hamkuwepo?"

Hapa ndo kazi ilipo. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinauliza mambo matatu: kwasababu ya ugonjwa wa akili, alikuwa hawezi kuelewa anachofanya, au hawezi kutambua kwamba hapaswi kukifanya, au hakuwa na uwezo wa kujizuia? Mzizi wake ni Uingereza mwaka 1843, kesi ya Daniel M'Naghten aliyempiga risasi katibu wa waziri mkuu akiamini anaandamwa na chama tawala. Kuwa na ugonjwa tu haitoshi. Lazima ugonjwa uwe umefanya mojawapo ya hayo, saa ile ile.

Nitoe mfano, mambo yake nimeyabadilisha asitambulike. Kijana wa bodaboda, miaka 26, alimkata jirani panga mkononi, jirani akapona. Polisi walikuwa na hoja nzito: baada ya kukata alitupa panga chooni. Kaficha ushahidi, kwa hiyo alijua ni kosa. Ukiishia hapo kesi imekwisha.

Sisi tulirudi nyuma siku kwa siku. Kadi ya kliniki, ambayo mama yake aliileta akiwa ameikunja kwenye khanga kama anaiba, ilionyesha sindano yake ya kila mwezi aliikosa miezi minne mfululizo. Mke alisema wiki mbili kabla alikuwa halali, kaziba madirisha na viroba, hali chakula cha nyumbani, maji anachota mwenyewe usiku. Siku ile jirani alipita na ndoo. Yule kijana aliamini ndoo ni ya sumu ya kumwaga kisimani. Akamkata, akaimwaga ndoo, akabaki pale pale anawaambia watu "nimewaokoa".

Na panga? Nilimuuliza bila kumwonyesha kwamba ni swali kubwa. Akasema limeshaingia sumu, watoto wangeligusa. Mke, tuliyemhoji siku nyingine na hakujua mume kasema nini, alisema mumewe aliwafukuza watoto akipiga kelele wasisogelee panga, ndo akalitupa. Unaona tofauti, mtu anayeficha panga polisi wasilione na mtu anayetupa panga watoto wasife ni watu wawili, ingawa choo ni kile kile.

Tulitafuta pia sababu ya kawaida, kwasababu wagonjwa nao wanagombana kama watu wengine. Kulikuwa na deni la shilingi 30,000 kati yao. Jirani mwenyewe alisema lililipwa mwezi mmoja kabla. Deni lingekuwa bichi na angemvizia usiku, ripoti ingekuwa nyingine kabisa hata kama ugonjwa ni ule ule.

Ripoti inasainiwa na daktari, mtaalamu wa saikolojia anaweka sehemu yake, na mahakama sio lazima ikubali. Hakimu au jaji ndo anaamua. Kwa kuanzia sheria inamhesabu kila mtu kuwa timamu, na mshtakiwa ndo mwenye mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Ona sasa kwanini ile kadi ilikuwa na thamani kuliko maneno yangu yote.

"Tumwambie azidishe kidogo, ajifanye amechanganyikiwa ili asaidike?"

Tafadhali acheni. Naomba kwa upole, ila acheni.

Anayeigiza anaigiza kichaa cha kwenye maigizo. Anasikia sauti saa 24 bila kupumzika, haelewi moja jumlisha moja, na anakutangazia ugonjwa kabla hujakaa. Mgonjwa wa kweli mara nyingi anauficha, anakwambia yuko sawa anataka kwenda nyumbani, na sauti zake zinakuja na kuondoka, ana mbinu zake za kuzipunguza. Halafu mnasahau yuko wadini usiku na mchana. Kuna mmoja kwangu alishindwa kuhesabu vidole vya mkono mmoja, jioni nesi akamkuta anacheza drafti na kamfunga mwenzake mara tatu, tena anamdai kete iliyoliwa kwa wizi.

Kuna na kipimo cha kumbukumbu ambapo unaonyeshwa picha 50, af kila moja inawekwa na nyingine uchague uliyoiona. Asiyekumbuka chochote akibahatisha atapata kama 25. Anayepata 10 anajua majibu na anayakwepa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi mnaowafundisha kuigiza ni wagonjwa kweli. Ugonjwa wao wa kweli unafunikwa na uongo wenu, na wakili wa serikali akishaonyesha uongo mmoja hakuna atakayesikiliza ukweli uliobaki.

"Alikuwa anavuta bangi na kunywa, si ni akili pia?"

Ulevi aliojitafutia mwenyewe kwa kawaida sio utetezi. Kama kuna ugonjwa uliokuwepo hata asipovuta, hilo ni swali jingine, ndo maana tunauliza sana kuhusu miezi ambayo hakuvuta.

"Ikionekana alikuwa mgonjwa siku ile si anaachiwa aje nyumbani?"

Haji nyumbani. Mahakama inatamka kwamba alitenda lakini hana hatia kwasababu ya ugonjwa, kisha anawekwa hospitali, na hakuna tarehe ya kutoka iliyoandikwa kama kwenye kifungo. Kwa kosa dogo anaweza kukaa muda mrefu kuliko angefungwa. Kwa hiyo yule anayewauzia maneno mtaani kwamba "cheti cha kichaa kinamtoa", muulizeni kinamtoa kwenda wapi.

"Mimi ni mama yake. Nikiitwa nilete nini, na nikuambie nini nisimharibie?"

Leta kadi zote, hata iliyochanika, paketi za dawa hata tupu, na barua ya shule kama aliwahi kurudishwa. Simu yako usifute meseji alizokutumia wiki ile, hizo za ajabu ajabu ndo nazitaka. Andika kwenye daftari alilala lini mara ya mwisho, alikula nini, alisema nini, pamoja na yale yanayomwonyesha vibaya, ugomvi, hasira, pombe, maana nikiyakuta mwenyewe sitaamini tena daftari lako.

Na ujue, mama, kwangu sio kama kliniki. Utakachoniambia kinaweza kuingia kwenye ripoti na kusomwa mahakamani, na yeye pia namwambia hivyo kabla sijamuuliza jina. Kama kesi ni ya jana na bado anameza dawa zake, leo hii hii zipelekee kituoni pamoja na kadi, umkabidhi mkuu wa zamu na umwombe aandike kwenye kitabu kwamba zimepokelewa.