Riba ya madaraja: kagua kipande kwa kipande

Dhana: Salio likifika daraja la juu, pesa zote hulipwa kwa kiwango cha daraja hilo.

Ukweli: Zipo akaunti zinazolipa hivyo, lakini masharti yakisema kiwango ni cha "kiasi kinachozidi" kikomo fulani, kila kipande cha salio kina riba yake. Tuseme akaunti ya akiba ya Kenya inatoa asilimia 2 kwa mwaka kwa shilingi 50,000 za kwanza, asilimia 4 kwa zinazofuata mpaka 200,000, na asilimia 6 kwa zinazozidi hapo. Mteja ana 260,000 ambazo hazikuguswa Juni nzima. Kipande cha kwanza kinazaa 1,000 kwa mwaka. Cha pili, yaani 150,000, kinazaa 6,000. Cha tatu ni 60,000 tu, nacho kinazaa 3,600. Jumla ni 10,600. Zidisha kwa siku 30, gawa kwa 365, unapata 871.23. Anayezidisha 260,000 yote kwa asilimia 6 atangojea 1,282.19, kisha aende kulalamika benki bila sababu.

Dhana: Riba iliyoingia ikiwa pungufu kidogo ya hesabu yako, benki imekosea.

Ukweli: Tafuta kwanza kodi ya zuio. Kenya ni asilimia 15 ya riba, hivyo kwenye 871.23 hukatwa 130.68 na kubaki 740.55. Linganisha hesabu yako na riba kabla ya kodi.

Dhana: Wastani wa salio la mwezi unatosha kukagulia.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotea, hata wanaojua hesabu vizuri. Mteja yuleyule sasa anabaki na 260,000 kwa siku 10 za mwanzo, kisha anatoa 100,000. Siku 20 zilizobaki ana 160,000, salio ambalo kwa mwaka lingezaa 5,400. Siku 10 za kwanza zinampa 290.41, na zile 20 zinampa 295.89, jumla 586.30. Ukitumia wastani, salio linakuwa kama 193,333, halifiki kabisa daraja la tatu, na riba inashuka hadi 553.42. Zile siku 10 za asilimia 6 zimefutika.

Kwa hiyo soma masharti yanasemaje: riba huhesabiwa kwa salio la kila siku, kwa wastani, au kwa salio la chini kabisa la mwezi? Kwa salio la chini kabisa, mteja huyu angepata 443.84, na benki ingekuwa sahihi kama ndivyo mkataba ulivyoandikwa. Lakini ikiwa mkataba unasema kila siku na taarifa ya akaunti inaonyesha 553.42, omba kwa maandishi mchanganuo wa riba unaoonyesha salio la kila siku, kiasi kilichoingia kila daraja na kiwango kilichotumika. Kwenye mstari wa daraja la tatu, tarehe 1 hadi 10, lazima kuwe na 60,000.